Kufungua simu kwa uso au kwa kidole: ipi ununue Kampala?

Ukizunguka maduka ya simu Kampala, karibu kila simu ya bei nafuu utaambiwa inafunguka kwa uso. Ni kweli inafunguka, ila muuzaji hakuambii inauonaje uso huo.

Nazipanga kwa usalama. Nafasi ya kwanza: uso wa 3D. Face ID ya iPhone, kuanzia iPhone X ya 2017, humwaga usoni nukta zaidi ya 30,000 za miale ya infraredi na kupima vimo na mabonde ya uso. Picha haina pua iliyochomoza, kwa hiyo haipiti, na gizani simu inafunguka vilevile. Apple inasema uwezekano wa mtu asiyekujua kuifungua ni 1 kati ya 1,000,000. Kwa kidole ni 1 kati ya 50,000. Pacha wako ni habari nyingine. Ukinunua iliyotumika, sajili uso wako palepale dukani. Sehemu ya mbele inayousoma uso ikiingia maji au ikiharibika wakati wa kubadilisha kioo, Face ID hugoma, na kwa iPhone nyingi za zamani kupachika ya simu nyingine hakuirudishi.

Nafasi ya pili: kidole. Kwa wengi wetu hiki ndicho cha kununua, hasa kile cha kwenye kitufe cha ubavuni, kwa kuwa bei yake ni ya chini na benki zinakiamini. Udhaifu wake ni kwamba mkono wenye maji au saruji hukataliwa, na mtu anaweza kukushika kidole ukiwa usingizini. Sajili vidole viwili, kimoja kila mkono.

Nafasi ya mwisho: uso wa 2D. Hapa kazi yote inafanywa na kamera ya selfi, ambayo huona picha bapa tu. Ijaribu kabla hujalipa. Sajili uso, mwenzako akupige picha kwa simu nyingine, aongeze mwanga wa kioo, kisha aishike mbele ya kamera akiiinamisha kidogo ili kisimetemete. Rudia wewe mwenyewe ukiwa umefumba macho. Ikikataa, usiiamini bado, maana picha nyingine kwenye mwanga mwingine huenda ikapita.

Kuna dalili nyingine ninayoiamini zaidi. Android hupanga njia hizi kwa madaraja matatu, na la juu haliruhusiwi kudanganywa zaidi ya mara 7 katika majaribio 100. Programu nyingi za benki hudai daraja hilo. Kwa hiyo fungua ya benki yako: ikikubali kidole na kuukataa uso, uso wa simu hiyo huenda ni dhaifu. Pixel 8 ya 2023 ilifika daraja la juu kwa kamera ya kawaida, lakini simu za namna hiyo ni chache.

Simu ya 2D ukiwa nayo tayari, zima uso, bakiza kidole na namba ya siri. Simu ikinyakuliwa kwenye foleni ya magari, picha yako ya WhatsApp isiwe ufunguo wa jumbe zako za pesa.