Wandani wachache, au nafasi kwa kila mmoja?

Mwaka 1975 watafiti Dansereau, Graen na Haga walionyesha kwamba mkuu haongozi wafanyakazi wake wote kwa namna moja. Baadhi huwa wandani wake, wanaopewa taarifa na kazi nzito. Wengine hubaki kutimiza mkataba tu.

Njia ya kwanza ni kuuacha mgawanyiko huo ujiendee. Haikosi sababu, maana muda wa mkuu ni mfinyu. Lakini tazama wodi ya hospitali. Muuguzi mmoja mchangamfu anapewa kupanga zamu wiki ya kwanza tu. Anajifunza, kwa hiyo anapewa tena. Mwenzake hapewi, hivyo hana cha kuonyesha, na ukimya wake unahesabiwa uvivu. Utaijua hali hii pale mabadiliko ya ratiba yanapomfikia kupitia wenzake, naye anaacha kuripoti kasoro anazoziona.

Njia ya pili ni kumpa kila mmoja nafasi. Katika jaribio lililoripotiwa na Scandura na Graen mwaka 1984, wasimamizi walifundishwa kuketi na kila mfanyakazi peke yake na kumsikiliza. Walionufaika zaidi, kwa tija na kuridhika, ni wale walioanza na uhusiano dhaifu.

Mimi nachagua hii ya pili, ingawa si wote watakaoitikia; wapo wanaotaka kazi yao na mshahara basi. Wala haidai usawa wa majukumu. Muuguzi mzoefu ataendelea kushika zamu ngumu, ila aliyekosa nafasi anaambiwa sababu, na lini atajaribiwa.