Barua niliyomwandikia fundi wa Mtwara kuhusu suti iliyonizidi saizi moja

Suti yangu ya kijivu ilinunuliwa Kariakoo na kuletwa Mtwara kwa basi, na ilipofika niliona kwamba ni saizi 42 wakati mimi navaa 40. Kuirudisha hakukuwezekana, kwa sababu mpwa wangu alikuwa anaoa baada ya siku tisa na mimi ndiye mjomba wa kusimama naye. Niliipeleka kwa fundi mmoja mzee mwenye cherehani karibu na soko kuu. Kwa kuwa nilikuwa nasafiri kwenda Masasi na yeye alikuwa msikitini, nilimwachia kijana wake suti pamoja na barua.

Barua hiyo niliiandika kwa uangalifu kwa sababu ya yaliyonipata miaka ya nyuma kwa fundi mwingine. Nilimwambia apunguze koti "inchi moja kila upande", naye akausogeza mshono inchi moja. Mshono una vitambaa viwili, cha mbele na cha nyuma, kwa hiyo kila upande ulipoteza inchi mbili na koti zima likapungua inchi nne. Alikuwa amekwisha kukata kitambaa kilichobaki, na koti lile sikulivaa tena. Tangu hapo siandiki kiasi cha kupunguza. Naandika kipimo ninachotaka kukikuta nguo ikikamilika.

Barua yenyewe ilisema hivi:

"Fundi, shikamoo. Nakuachia suti ambayo imenizidi saizi moja. Koti nikilifunga kifungo, mzunguko wake kiunoni ni inchi 40 na nusu, nami naomba uwe 39. Tafadhali inchi hiyo moja na nusu uigawe kwenye mishono mitatu, yaani miwili ya ubavuni na mmoja wa katikati ya mgongo, ili kila mmoja utoe nusu inchi tu. Usiitoe yote ubavuni, mifuko itavutwa kuelekea nyuma. Ukishuka chini ya kiuno upunguze kidogo kidogo mpaka ufike sifuri kabla ya mpasuo wa nyuma, usije ukaachama. Mikono, kutoka mshono wa bega, ni inchi 25 na nusu, naomba iwe 24 na nusu. Vifungo vya mkononi havina matundu, kwa hiyo vipandishe navyo inchi moja. Mabega usiyaguse. Suruali ni inchi 36 kiunoni, naomba iwe 34, upunguze kwenye mshono wa nyuma na kumalizia kwa kupotea makalioni. Kitambaa kitakachobaki ndani usikikate. Kabla ya kushona mshono wa mwisho naomba nijaribu, nitarudi Jumatano."

Suala la mabega nililifikiria sana. Nilisimama ubavu ukutani nikaona kwamba pedi inagusa ukuta kabla ya mkono, dalili kwamba bega limezidi, lakini lilizidi kama robo inchi tu. Kulirekebisha ni kung'oa mkono mzima, bitana na pedi, kisha kuurudisha bila kukunjamana, kazi ambayo hata fundi hodari huiogopa. Kama lingezidi inchi nzima kila upande, nisingepoteza fedha kuirekebisha suti hiyo.

Jumatano nilikuta koti limeshikizwa kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya mkono ambayo hufumuliwa kwa kuvuta tu. Fundi aliniambia nifunge kifungo, akatazama kama kuna mikunjo inayotoka kwenye kifungo kama msalaba, kwa sababu hiyo huonyesha kwamba koti limebana. Haikuwepo. Kuhusu suruali alinionyesha jambo ambalo sikuliandika: inchi mbili zikitolewa nyuma, mifuko ya nyuma husogeleana kwa inchi mbili hizo hizo, na zaidi ya hapo ingekaribia kugusana. Kitanzi cha mkanda cha katikati alikifumua na kukishona upya juu ya mshono mpya.

Nilipolichukua Ijumaa, kwa shilingi 25,000, kasoro ilikuwa moja. Nikinyoosha mikono mbele, mgongo ulivutwa. Nje palikuwa sawa, lakini ndani bitana ilikuwa imepoteza ule mkunjo wa katikati ya mgongo unaoipa nafasi ya kutanuka, kwa kuwa aliipunguza sambamba na kitambaa cha nje. Nilipomwonyesha hakubishana. Aliufumua mshono wa bitana, akakitumia kile kitambaa cha bitana kilichobaki ndani kurudisha mkunjo, akapiga pasi, na kazi hiyo haikuchukua hata saa moja. Siku ya harusi nililivaa kuanzia asubuhi, nikapiga magoti kumpokea mpwa wangu kwenye mkeka na kunyanyua mikono yote miwili, na mgongo haukuvuta.