Programu ya ramani iliyofuta ramani yangu bila kuniuliza

Nimekasirika na sitajificha. Napeleka vipuri vya mashine kwa wateja wa Nyanda za Juu Kusini, na mwezi uliopita, tukiwa tumeshaipita Njombe kuelekea Ludewa usiku, ramani niliyoipakua mwenyewe haikuwepo. Mtandao hakuna. Nukta ya bluu inatembea vizuri kabisa, maana GPS haihitaji bando, lakini inatembea juu ya kijivu kitupu. Tulifika njia panda, hakuna wa kumuuliza, tukalala kwenye gari hadi kukapambazuka.

Kumbe ramani zinazopakuliwa kwenye programu hii zina tarehe ya kuisha. Zikikaribia kuisha zinajisasisha zenyewe, ila mpangilio unaokuja na programu unasema zifanye hivyo kwenye waifai tu. Sasa niambieni, dereva wa Tanzania anayeishi kwa bando la simu ana waifai gani? Basi usasishaji haukufanyika hata mara moja, muda ukaisha, eneo likafutwa kimyakimya. Niliandikia huduma kwa wateja, nikajibiwa kwa sentensi moja kwamba maelezo yote yapo kwenye mipangilio. Samahani hakuna, wala swali la nini kilinipata.

Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa nimelihangaikia eneo lile. Programu hii inakupa mstatili uuvute juu ya nchi, na chini yake inakuandikia utakula nafasi kiasi gani kabla hujapakua. Barabara ya Dar hadi Njombe inakwenda mshazari, kwa hiyo mstatili mmoja wa kuifunika yote unameza Ifakara, Mahenge, Utete na Hifadhi ya Nyerere karibu nzima, mahali ambapo sipiti. Nilipojaribu, ikakataa kwamba eneo ni kubwa mno. Nikaigawa safari vipande vinavyofuata lami: Chalinze hadi Mikumi, Mikumi hadi Iringa, Iringa hadi Makambako na Njombe, kisha Njombe hadi Ludewa.

Hapo ndipo nilipoelewa nafasi inaliwa na nini. Wengi wanahesabu ukubwa wa ardhi, lakini pori halina uzito, kwa sababu hakuna kilichochorwa. Uzito uko kwenye vichochoro, maduka na majina. Kipande kilichogusa Dar kilikuwa kizito kuliko vya bara vyote nilivyopakua, na Dar ndiko ambako mtandao haukatiki, ramani yake ya nini? Nikaanzia Chalinze, nafasi ikashuka zaidi ya nusu. Kwa simu ya GB 32 iliyojaa picha za stakabadhi, hiyo ni nafuu kubwa.

Kwenye kufuta nako wametutesa. Maeneo yanajipanga kwa majina kama Ramani 1, Ramani 2, na ukitaka kuondoa ya Tanga usiyokwenda tena huijui ni ipi mpaka uifungue. Basi ukipakua tu, ibadilishe jina hapohapo. Na ukimpa fundi simu akupunguzie uzito, mwambie afute akiba ya muda peke yake. Akigusa kufuta data ya programu, maeneo yote yanaondoka.

Kabla ya safari weka simu kwenye hali ya ndege, kisha omba njia mpaka unakokwenda. Usitosheke kuona barabara kwenye kioo, maana hayo yanaweza kuwa mabaki ya ulikopita juzi. Njia ikichorwa hadi mwisho, ramani ipo.

Nilitaka kuandika kwamba msiipakue kabisa. Nimehamia Organic Maps, ambayo hutumia ramani za OpenStreetMap zilizochorwa na watu wa kujitolea, na eneo ulilopakua linabaki hadi ulifute mwenyewe. Mikoa imeshakatwa tayari, hivyo huwezi kuchukua barabara yako tu, lakini kila eneo lina jina lake na ukubwa wake, na kulifuta ni kugusa mara mbili. Nimepumua.

Ila lazima niseme kweli: Organic Maps haioneshi foleni, na siku ya kurudi Dar jioni nilikwama Kibaha hadi nikairudia ile ya kwanza. Kwa foleni haina mpinzani, ningeipa nyota nne. Halafu nikaingia kwenye mipangilio kuruhusu isasishe kwa bando, nikakuta kipande cha Iringa nacho kimebakiza siku chache, na onyo sijapewa popote. Nyota moja. Waweke kengele siku 7 kabla ya kufuta eneo la mtu, ndipo nitabadilisha.