Uzoefu wangu: maandishi ya kumwongoza mtu kwenye utulivu, niliyomsomea mama Mikindani

Niliyanunua kwa shilingi 5,000, kurasa tatu, yakatumwa kwenye simu nami nikayachapisha mjini Mtwara. Nilitaka kumsomea mama, maana tangu msiba wa kaka yake usingizi ulimpaa. Sasa ni usiku wa kumi na moja.

Taabu ilianzia kwenye vituo. Kila baada ya mstari wa pumzi pameandikwa "kimya, sekunde 5". Usiku wa kwanza nilifuata hivyohivyo: "Pumzi inaingia... pumzi inatoka," nahesabu hadi tano, naendelea. Kumbe kifua cha mama kilikuwa bado kinashuka. Sauti yangu ilimkatisha, naye akadaka pumzi fupi ili anifikie. Haikupita muda akasema, "Mwanangu, unanikimbiza."

Kesho yake nilimpima kwa saa ya simu akiwa ametulia: kuingiza sekunde 4, kutoa 6. Pumzi moja tu imekula sekunde 10, na ile sekunde 5 inaishia katikati yake. Nikafuta sekunde zote kwa kalamu, nikaandika "pumzi 2". Siku hizi sihesabu, napumua pamoja naye, na nikimaliza kutoa ya pili ndipo nasoma mstari unaofuata. Kusoma kulikochukua dakika sita sasa kunafika kumi na nne. Kimya kile mwanzoni kilinitia wasiwasi mimi msomaji, nikadhani nimepotea; mama yeye hakukiona kirefu.

Ninachoyapendea haya maandishi ni maneno yake. Hayasemi "Tulia!", neno ambalo wengi wetu tulilisikia kwa kukaripiwa darasani. Yanasema "mabega yanashuka yenyewe" na "ukipenda, fumba macho". Hayamwamrishi mtu, yanamruhusu. Mama ana miaka 68. Kumwamrisha nisingeweza hata kama yangetaka hivyo.

Ila ukurasa wa pili una kosa ambalo sikulivumilia: "Vuta pumzi kwa nguvu, jaza kifua", mara kumi mfululizo. Ilipofika ya saba mama alisikia kizunguzungu na ganzi kwenye ncha za vidole. Ndivyo inavyokuwa mtu akipumua kwa nguvu na kwa haraka kuliko mwili unavyohitaji. Tuliacha, akapumua kama kawaida, ikaisha. Nimeufuta mstari ule, mahali pake nasoma "iache pumzi ije kadiri inavyotaka". Na pale maandishi yalipotaja theluji nimeweka maji yanayokupwa hapa kwenye ghuba yetu, kitu anachokijua tangu utotoni.

Mwisho pameandikwa "Sasa fungua macho". Kwa aliyekaa kitini panafaa, ingawa ningetanguliza vidole vichezechezwe kidogo. Kwa mama aliyelala sipasomi kabisa. Nikifika "miguu imekuwa mizito" nashusha sauti, kimya nakipeleka pumzi 3, kisha 4. Jana sikufika ya nne, alikuwa ameanza kukoroma.