Tokeni ya mia tano, stima ya mia mbili na hamsini: uzoefu wangu na deni nisilolijua

Ukihamia nyumba ya kupanga Nairobi ukaona stima inaisha mapema kuliko kwa jirani, usikimbilie kulaumu friji. Chukua simu, fungua ujumbe wa tokeni, uusome wote mpaka chini. Mimi nimelipa deni la mtu nisiyemjua hata kwa sura, na hakuna aliyenifungulia mdomo. Si keateka, si mwenye nyumba, na kampuni ya umeme ndiyo kabisa.

Naishi Umoja. Nilihamia kipindi cha mvua, mita ya tokeni ikiwa tayari ukutani. Nilinunua ya shilingi 500 nikapata units 9.2. Mama Brayo wa mlango wa pili alinunua ya 500 jioni hiyohiyo akapata 18.4. Nusu kamili! Keateka akaniambia labda mita yangu ni mbovu. Haikuwa mbovu. Mita ya tokeni haijui pesa hata kidogo. Zile tarakimu 20 unazobonyeza zinaiambia units tu, basi. Kama kuna makato, yalishafanyika kwenye kompyuta za kampuni kabla tokeni haijafika kwenye simu yako. Ndiyo maana haisaidii kubadilisha betri za kile kidude cha kubonyezea, wala kumtuma mtu mwingine akununulie. Namba ya mita ni ileile na makato ni yaleyale.

Tukaziweka simu mbili mezani tukalinganisha. Nazitoa senti ili hesabu ifuatike. Ujumbe wa Mama Brayo ulisema TknAmt 300, OtherCharges 200. Wangu ulisema TknAmt 150, OtherCharges 350. TknAmt ndiyo pesa iliyonunua stima yenyewe. OtherCharges kwa kawaida ni VAT ya asilimia 16, ada ya umeme wa vijijini, gharama ya mafuta ya mitambo na vitozo vingine ambavyo kila mtu hulipa. Sasa mbona mimi nitozwe 350 kwa stima ya 150?

Nilipofika ofisini kwao, foleni imefika mlangoni, mama wa kaunta hakuinua hata kichwa. Akasema niko daraja la juu la bei kwa sababu natumia stima nyingi. Ni kweli madaraja yapo: la kwanza huishia units 30 kwa mwezi, la pili huishia 100, na wanaangalia wastani wa miezi mitatu iliyopita. Lakini gawanya TknAmt kwa units ulizopata. Kwa Mama Brayo, 300 kwa 18.4 ni shilingi 16 na senti 30. Kwangu, 150 kwa 9.2 ni shilingi 16 na senti 30 vilevile. Bei ni moja, daraja ni moja! Daraja likibadilika, hiyo bei ya unit ndiyo hubadilika. Bei ikiwa sawa na ya jirani halafu OtherCharges imeipita TknAmt mbali, hapo kuna deni linalokatwa.

Nilipomwonyesha hesabu hiyo ndipo akabonyeza kompyuta yake na kusema, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima, "Mama, una deni la elfu kumi na mbili. Lipa deni lako uache kusumbua watu." Deni langu! Mimi niliyehamia juzi! Nikamwambia mkataba wangu wa nyumba ninao mkononi. Akanijibu, "Deni hufuata mita, halifuati mtu. Next!" Nimesimama kwenye kaunta nyingi za mji huu, lakini sijawahi kuaibishwa namna hiyo mbele ya watu kwa deni ambalo si langu.

Zamani nyumba hiyo ilikuwa na mita ya bili ya mwisho wa mwezi. Aliyekaa humo aliondoka bila kulipa. Mita ilipobadilishwa kuwa ya tokeni, bili ile ilihamishiwa kwenye mita mpya na mfumo ukawekwa ukate asilimia 50 ya kila ununuzi. Kwa hiyo katika 500 yangu, 250 inaenda kwenye deni kwanza. Inayobaki inagawanywa kama ya mtu yeyote: 150 stima, 100 kodi na vitozo. Kununua kidogo kidogo hakukwepi kitu, maana hata ya shilingi 50 hukatwa nusu. Kumaliza 12,000 kwa mwendo huo ningehitaji kununua tokeni za 24,000. Huo ni wizi, na niliandika hivyo kwenye karatasi ya malalamiko kwa herufi kubwa.

Sasa lazima niseme ukweli wa upande wa pili. Kijana mmoja wa ofisi ya ndani aliniita, akanipa kiti, akanichapishia taarifa ya akaunti, ukurasa baada ya ukurasa. Tukapitia pamoja. Mita ya zamani ilisomwa mara ya mwisho ikiwa 6,410. Baada ya hapo msomaji hakuja tena, wakawa wanakadiria tu mpaka bili ikafika 6,830. Lakini siku mita ile inang'olewa, fundi aliandika kwenye fomu ya kubadilisha mita kwamba inasoma 6,590. Units 240 za hewa! Kwa bei yote pamoja na kodi ni karibu shilingi 6,500. Kijana yule akaipeleka fomu kwa wakubwa zake, na baada ya kunizungusha wiki kadhaa deni likashuka mpaka kama 5,500. Kwa hiyo omba vitu viwili: taarifa ya akaunti na ile fomu. Usomaji wa kung'olewa ukiwa chini ya makadirio, una kesi. Ukiwa juu, huna.

Tena, mpango wenyewe wa kukata kidogo kidogo siuiti mbaya. Enzi za bili, deni likizidi walikuja na ngazi, wakakata waya, ukakaa gizani mpaka ulipe lote na ada ya kurudishiwa. Kwa mwenye deni lake halali, tokeni ni huruma. Nilikuwa nimeanza hata kuwasifu.

Halafu nikanunua tokeni nyingine. Ujumbe ukaja vilevile, deni limefichwa ndani ya OtherCharges, halitajwi jina, haliandikwi limebaki ngapi. Hapo hasira ikarudi yote. Mnakata pesa ya mtu kila anaponunua na hamwezi kuongeza mstari mmoja wa kumwambia? Kama si Mama Brayo ningelipa zile units 240 za hewa mpaka shilingi ya mwisho na nisijue.

Mwenye nyumba alianza kwa kusema hayamhusu. Mzee ni mtu wa kuheshimiwa, sikumjibu vibaya. Nilimwekea taarifa ile mezani, akaunti iko kwa jina lake. Amekubali nikate kwenye kodi ya nyumba kila mwezi, alimradi nimwonyeshe jumbe za tokeni. Ninazihifadhi zote. Mtu akiniuliza kama ahamie nyumba yenye mita ya tokeni, namwambia kabla hujalipa depositi nunua tokeni ya mia kwenye namba ya mita ile, uangalie OtherCharges. Na yule mama wa kaunta bado sijamsamehe.