Kitabu cha uhasibu kwa bei ya chini Kisumu: cha kununua, cha kuazima na cha kuacha dukani

Muhula ukianza, mwanafunzi wa biashara hupewa autlaini ya kozi yenye vitabu vitano au sita mwishoni, na akipita kwenye maduka ya vitabu ya Oginga Odinga Street anarudi ameshika kichwa. Kitabu kimoja cha uhasibu kilichotoka ng'ambo kinaweza kumeza kodi ya chumba ya miezi miwili. Hapo ndipo wengi hukimbilia PDF ya wizi kwenye Telegramu au fotokopi ya kitabu kizima nyuma ya geti la chuo. Njia hizo mbili siziweki kwenye orodha hii. Ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na hata ukiacha sheria kando, fotokopi ya kurasa 800 haina bei rahisi kama inavyodhaniwa.

Nimechagua uhasibu wa fedha kwa sababu ndio somo linalowachanganya watu zaidi kuhusu matoleo ya zamani. Wa hisabati hana shida: kanuni za kalkulasi hazijabadilika tangu babu yake azaliwe, anunue toleo lolote. Wa kodi naye hana la kujadili, maana Sheria ya Fedha hurekebisha viwango karibu kila mwaka na kitabu cha miaka mitano nyuma kitampotosha. Uhasibu uko katikati, na hapo ndipo pesa huokolewa au kupotea.

Kabla ya yote, muulize mhadhiri ni sura zipi atakazofundisha, na kati ya vitabu vile ni kipi anachotolea maswali. Mara nyingi utakuta ni kimoja tu, na nusu ya sura zake. Vingine vimewekwa ili orodha ionekane imeshiba.

Nafasi ya kwanza: toleo la zamani, baada ya kulikagua

Hili ndilo ninalopendekeza ununue. Kuuza au kununua kitabu kilichotumika ni halali kabisa, mradi ni nakala halisi. Muuzaji bora si wa sokoni. Kibuye siku ya Jumapili utapata karibu kila kitu cha mtumba, lakini kitabu cha uhasibu wa chuo ni cha kubahatisha. Tafuta komredi wa mwaka wa tatu au wa nne ambaye ameshamaliza kozi hiyo, wiki ya mwisho ya muhula, wakati anahitaji nauli ya kurudi nyumbani. Bei ya wiki hiyo na bei ya wiki ya kwanza ya muhula unaofuata ni vitu viwili tofauti.

Swali linalobaki ni hili: toleo la zamani kiasi gani? Usihesabu miaka, angalia viwango. Kenya inafuata viwango vya kimataifa vya IFRS, na vitatu vilivyobadilisha vitabu vya kiada vilianza kutumika karibu pamoja: IFRS 9 ya vyombo vya fedha na IFRS 15 ya mapato tarehe 1 Januari 2018, kisha IFRS 16 ya ukodishaji tarehe 1 Januari 2019. Kwa hiyo fungua faharasa mwishoni mwa kitabu, utafute IFRS 15 na IFRS 16. Ukikuta badala yake IAS 18 na IAS 17, viwango vya zamani vya mapato na ukodishaji, ndizo zinazofundishwa kama kanuni ya sasa, hicho ni cha kabla ya mabadiliko.

Tofauti yenyewe si ya jina tu. Chukua duka la jumla lililopanga jengo kwa miaka mitano. Chini ya IAS 17, upangaji wa kawaida wa namna hiyo uliingia kwenye hesabu kama gharama ya kodi ya jengo, basi. Chini ya IFRS 16 mpangaji anaandika haki ya kutumia jengo kama mali, na malipo yaliyobaki kama deni, vyote kwenye mizania. Mwanafunzi aliyesoma kitabu cha 2012 atatoa mizania isiyo na deni hilo, na kwenye mtihani atapoteza swali zima, si alama mbili.

Lakini usikitupe kitabu hicho cha 2012 bado. Uandishi wa pande mbili, leja, urari wa hesabu, uchakavu wa mali, marekebisho ya mwisho wa mwaka na mtiririko wa fedha yamebaki vilevile kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kama kozi yako ni Uhasibu wa Fedha sehemu ya kwanza, kuna uwezekano mkubwa hata haifiki kwenye ukodishaji. Na kama inafika, kiraka chake ni cha bure: ukijisajili kwenye ifrs.org unasoma maandishi ya viwango vyenyewe bila kulipa. Lugha yake ni kavu, nakuonya mapema. Soma ufafanuzi wa maneno na aya za kipimo cha mwanzo, kisha mfano wa mhadhiri utaeleweka.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa vitabu vipya hawatakuambia. IFRS 18 ilitolewa Aprili 2024 na itaanza kutumika kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza tarehe 1 Januari 2027 au baadaye, ikichukua nafasi ya IAS 1. Itabadilisha jinsi taarifa ya faida na hasara inavyopangwa, mapato na gharama zikigawanywa katika makundi ya uendeshaji, uwekezaji na ufadhili. Kitabu kipya cha bei kali kisicho na IFRS 18 kitaanza kupoteza thamani ya kuuzwa tena mapema kuliko unavyofikiria. Hiyo ni sababu nyingine ya kutotoa pesa nyingi sasa.

Kasoro halisi ya toleo la zamani ni namba za maswali. Mhadhiri anasema fanyeni swali la 7.4, nawe 7.4 yako ni kitu kingine. Dawa yake ni kwenda maktaba na kunakili ukurasa wa maswali ya sura hiyo. Sheria yetu inaruhusu matumizi ya haki kwa kujisomea, na kurasa chache za maswali ni mbali sana na kunakili kitabu kizima.

Unaponunua, linganisha ISBN iliyo jaladani na ile ya ukurasa wa hakimiliki ndani. Kila toleo lina yake, kwa hiyo ile ya jaladani isipoonekana kabisa kwenye ukurasa huo, huenda kuna mtu amebandika jalada jipya juu ya kitabu cha zamani, au nakala ni bandia. Michoro yenye ukungu, maandishi yaliyopinda karibu na mshono na kurasa zinazong'oka ukifungua katikati ni dalili za bandia pia. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa za sura unazohitaji kabla ya kutoa pesa. Fungu la kurasa 16 au 32 likiruka kiwandani, hutaligundua mpaka usiku wa kuamkia mtihani.

Nafasi ya pili: maktaba

Ni bure, kwa nini basi isiwe ya kwanza? Kwa sababu nakala ni chache na wiki ya mitihani kila mtu anakumbuka kuwa maktaba ipo. Itumie mapema, hasa kwa kulinganisha matoleo kabla ya kununua. Weka mbili mezani, fungua yaliyomo, uone sura zilizohama na zilizoongezwa.

Usiridhike na katalogi ikisema kitabu chako kimeazimwa. Nenda kwenye rafu yenyewe. Kwenye maktaba inayotumia mfumo wa Dewey, uhasibu uko 657. Kwenye mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani anza HF5601. Majirani wa kitabu hicho wanafundisha mada ileile, na mara nyingi kimojawapo kinaeleza vizuri zaidi. Uliza pia kuhusu vitabu vya akiba, vile vinavyotolewa kwa saa chache tu ndani ya jengo. Hivyo havionekani rafuni, na mwanafunzi asiyeuliza hudhani havipo.

Walio mjini wana chaguo la pili: maktaba ya umma, ambayo ipo Kisumu, Nakuru na Kakamega. Kwa vitabu vizito vya chuo usiitegemee sana, lakini kwa uhasibu wa msingi na meza tulivu inafaa.

Nafasi ya tatu: kitabu huria

OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, unatoa kitabu cha misingi ya uhasibu katika juzuu mbili, bure na kwa idhini ya wazi. Unapakua, unachapisha sura unazotaka kwa matumizi yako, unamtumia rafiki, ilmradi hufanyi biashara nayo.

Kingekuwa nafasi ya kwanza kama si jambo moja: kinafuata zaidi kanuni za Marekani. Jihadhari hasa na sura ya akiba ya bidhaa, ambapo utafundishwa mbinu ya LIFO, yaani bidhaa iliyoingia mwisho huhesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa. IAS 2 tunayoifuata hairuhusu. Kitumie kwa mazoezi ya leja na marekebisho, kisha funga.

Nafasi ya nne: kuchanga

Wengi huiweka juu. Piga hesabu kwanza. Tuseme kitabu kipya ni shilingi 8,000 na mko wanne, kila mmoja anatoa 2,000. Mwisho wa mwaka mnakiuza 4,800, kila mmoja anarudishiwa 1,200, kwa hiyo kimekugharimu 800. Sasa tuseme peke yako umenunua toleo la zamani kwa 1,500 na ukaliuza 1,000. Limekugharimu 500, na muda wote huo halikulala kwenye chumba cha mtu mwingine.

Kuchanga kunafaa pale tu toleo jipya haliepukiki, kwa mfano kozi ya juu inayoingia kwenye IFRS 15 kwa kina. Mkichanga, gaweni zamu kwa kufuata sura, si siku: anayewasilisha kazi ya sura ya tisa ndiye anayelala nacho. Andikeni pia nani atauza na lini, kwa sababu mmoja wenu atahama chuo au ataanza atachimenti Eldoret akiwa na kitabu begini. Na kuchanga hakuwapi ruhusa ya kuskani kitabu kizima na kukiweka kwenye grupu ya darasa.

Nafasi ya mwisho: kipya, peke yako

Subiri hadi wiki ya tatu. Kufikia hapo utajua kama mhadhiri anakifungua kweli, au anasoma slaidi zake mwenyewe.