Programu ya kusoma stetimenti za benki: safu ya salio ndiyo iliyonifanya nibaki nayo

Ninawawekea hesabu wafanyabiashara wadogo hapa Nairobi, wengi wao wauzaji wa vipuri Barabara ya Kirinyaga. Stetimenti zao hunifikia zikiwa karatasi zilizopigwa skana, kurasa zimepinda kidogo na muhuri wa benki umekaa juu ya tarakimu. Kwa hiyo nalipia programu inayogeuza skana kuwa jedwali la Excel. Ni ya haraka, na mara nyingi inasoma sawa. Lakini programu ya aina hii naipima kwa swali moja: ikiona 8 mahali penye 3, nitajuaje, na nitaupataje mstari wenyewe?

Jibu liko kwenye safu ya salio. Chukua salio la mstari uliotangulia, toa zilizotoka, jumlisha zilizoingia. Lazima upate salio la mstari huu. Jedwali ninalopewa lina zilizotoka kwenye safu C, zilizoingia D na salio E. Naongeza safu F, naandika fomula hii kwenye mstari wa 3, kisha naivuta hadi chini:

```
=ROUND(E2-C3+D3-E3,2)
```

Usiiache ROUND. Bila hiyo Excel inaweza kubakiza visehemu vidogo sana vya senti, na mstari ulio sawa ukaonekana una kasoro. Kisha nachuja F ili nione tu mistari isiyo sifuri. Penye #VALUE! mara nyingi nakuta herufi O imeingia mahali pa sifuri.

Stetimenti ya duka moja ilinitolea mistari mitatu tu yenye kasoro. Miwili ilifuatana: mstari wa 212 ulionyesha -8,000 na wa 213 ukaonyesha 8,000. Tofauti zikilingana na alama zikipingana hivyo, kosa liko kwenye salio la mstari wa kwanza kati ya hiyo miwili, kwa sababu salio hilo linatumika mara mbili: kufunga mstari wake na kufungua unaofuata. Salio la 211 lilikuwa 184,320.50, zikatoka 13,450, na programu ikaandika 178,870.50. Kwenye karatasi ni 170,870.50, wino wa muhuri uliifanya sifuri ionekane 8.

Mstari wa tatu, wa 340, ulisimama peke yake: -5,000, na uliofuata ukawa sifuri. Hapo masalio yote mawili yamesomwa vizuri, kasoro iko kwenye kiasi. Salio lilitoka 62,915 likawa 59,315, ilhali zilizotoka zimeandikwa 8,600. Kwa fomula hii, kiasi sahihi cha zilizotoka ni kilichosomwa ukijumlisha F, yaani 3,600. Nilifungua skana nikakuta 3 ambayo upande wake wa kushoto ulikuwa umejazwa na mkunjo wa karatasi.

Angalia pia sura ya tofauti yenyewe. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, tofauti huwa tarakimu moja yenye sifuri nyuma yake: 3 na 8 hutoa 5, 1 na 7 hutoa 6. Ukipata kitu kama 2,347 kikiwa peke yake, shuku kwamba mstari mzima umerukwa, hasa mwanzoni mwa ukurasa. Na tofauti ikiwa maradufu ya kiasi cha mstari huo, basi kiasi kimewekwa safu ya upande wa pili.

Wengi huishia kulinganisha jumla za mwisho na salio la kufungia. Hesabu hiyo ingenionyesha 5,000 zimekosekana bila kusema wapi, na lile salio la mstari wa 212 lisingeonekana kabisa.

Sifa kubwa ya programu hii ni kwamba inaliacha salio kama lilivyosomwa kwenye karatasi. Niliwahi kujaribu nyingine iliyokuwa inapiga hesabu ya salio yenyewe na kulijaza. Jedwali lake lilikuwa na sifuri tupu kwenye F, na kwangu hilo ni hatari kubwa: kiasi kikisomwa vibaya, salio la bandia linakifuata na ukaguzi unapita. Kabla hujalipa, badilisha kiasi kimoja kwenye jedwali uone kama salio linasogea, kisha linganisha masalio machache na karatasi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu safu F ningetaka waiweke wao, na mstari wenye kasoro ufungue picha ya ukurasa wake. Sasa hivi nautafuta kwa macho. Tarehe bado nazikagua kivyake, maana 03 ikisomwa 08 salio halitikisiki hata kidogo. Naangalia tu kama kuna tarehe inayoruka mbele kisha inayofuata ikarudi nyuma.